Asubuhi ya kwanza aliamka mwepesi: kisa cha diazepamu iliyorundikana mwilini

Hawakuja kuuliza dawa ya usingizi, walikuja kutafuta dawa ya kumbukumbu. Mama wa miaka 71, mwalimu mstaafu, kashikwa mkono na bintiye, na kabla sijamaliza kumwamkia yule mama binti akaanza, dokta, mama ameanza kusahau, anauliza kitu kimoja mara tatu, mchana kutwa anasinzia kwenye kiti, na wiki iliyopita kaanguka akienda chooni usiku, sasa tumeambiwa huenda ni uzee unaingia kichwani, hamna vidonge vya kusaidia ubongo? Mama mwenyewe alikuwa amekaa ananiangalia, anajibu nikimuuliza lakini jibu linachelewa, kama mtu unayempigia simu mtandao ukiwa mbovu, unasema hapa linafika kule baadaye. Mimi ni mfamasia, sio daktari, ila kitu cha kwanza ninachoomba kwa mzee yeyote aliyebadilika ghafla ni mfuko wa dawa zake. Tukaumwaga mezani.

Kulikuwa na dawa mbili za presha, moja ikiwa ya kukojosha, furosemidi. Kulikuwa na omeprazoli ya tumbo. Na kulikuwa na diazepamu ya miligramu 5, kimoja kila usiku, ameandikiwa wiki tano zilizopita kwa sababu alilalamika halali vizuri. Nikamuuliza binti, hii diazepamu alivyoianza ilikuwaje? Akasema ilikuwa nzuri sana dokta, usiku wa kwanza kalala moja kwa moja na asubuhi kaamka mwepesi kabisa, kwa hiyo hiyo haiwezi kuwa shida.

Hapo ndo penyewe. Huo usiku wa kwanza ndo ulioidanganya familia nzima, na sio wao tu, nimeshaona hata watu wa afya wakidanganyika hivyo hivyo. Mtu akimeza dawa ya usingizi leo na kesho akaamka vizuri tunajua imemfaa, tunaacha kuiangalia. Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka hilo linaelekea kuwa kweli. Kwa diazepamu asubuhi ya kwanza haikuambii chochote kuhusu asubuhi ya kumi.

Bahati tuliyokuwa nayo ni daftari. Yule binti anampima mama presha kila asubuhi na kuandika, na pembeni ya namba huwa anaandika neno moja mawili. Tukafungua kurasa za wiki ya kwanza ya diazepamu. Siku ya 1, "kalala vizuri." Siku ya 2 na ya 3 hivyo hivyo. Siku ya 4, "kachelewa kidogo kuamka." Siku ya 6, "nimemwamsha mimi." Siku ya 8, "nimemkuta amekaa kitandani, ndala moja mguuni, nyingine mkononi." Nikamwomba anielezee hiyo ya ndala. Akasema alimkuta hivyo, akaenda kuandaa maji ya kuoga, karudi baada ya muda mama bado amekaa vile vile, ndala bado iko mkononi, hajalala ila hajaamka pia. Hayo mang'amung'amu ndo naongelea hapa, sio usingizi wa kawaida wa kutoshiba, ni mtu kuwa macho huku kichwa bado kimefunikwa.

Sasa tuingie ndani, maana ukielewa hili moja basi nusu ya mkanganyiko wa hizi dawa unaisha. Benzodiazepini zote, diazepamu, lorazepamu, temazepamu, triazolamu na wenzake, zinafanya kazi ile ile kwenye ubongo, zinaipa nguvu zaidi ile kemikali inayotuliza neva, inaitwa GABA. Tofauti kubwa kati yao kwa mtu anayelala nazo ni muda zinaokaa mwilini, na muda huo tunaupima kwa kuuliza inachukua saa ngapi dawa iliyoko kwenye damu ipungue ikawa nusu. Tuuite muda wa nusu. Triazolamu muda wake wa nusu ni kama saa 2 hadi 5. Temazepamu ni karibu saa 10 kwa wengi, lorazepamu karibu saa 12. Diazepamu ni saa 20 hadi 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ini linapoivunja linatengeneza kitu kingine, nordiazepamu, ambacho nacho kinalaza na kinakaa muda mrefu hata kuliko mama yake, siku mbili, tatu, hata nne kupungua nusu. Yaani unameza kidonge kimoja unapata dawa mbili, ya pili ikiwa nzito zaidi kuondoka.

Kwa wazee inakuwa ndefu zaidi. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba muda wa nusu wa diazepamu unarefuka na umri, na kanuni ya haraka ambayo wengi tunaitumia ni kwamba saa zake zinakaribiana na miaka ya mtu, wa miaka 20 ana kama saa 20, wa miaka 70 ana kama saa 70. Sio namba ya kuapia lakini inatosha kufikiria nayo. Sababu ni mbili, ini linaivunja taratibu, na mwili wa mzee una mafuta mengi zaidi kwa uwiano na diazepamu inapenda mafuta, inajificha humo.

Na huko kwenye mafuta ndo siri ya asubuhi ya kwanza ilipo. Ukimeza diazepamu inaingia damuni haraka, inafika kwenye ubongo haraka, mtu analala. Halafu ndani ya saa chache inahama kutoka kwenye ubongo na damu kwenda kujisambaza kwenye mafuta na misuli. Haijatoka mwilini, imehama chumba tu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ubongo una kidogo, mtu anaamka mwepesi, anasema hii dawa inaisha haraka. Lakini ukimpa kingine usiku wa pili, na wa tatu, zile stoo za mafuta zinajaa, na zikishajaa dawa haina tena pa kuhamia, inabaki damuni na kwenye ubongo mpaka ini liitoe, na ini la huyu mama linahitaji siku tatu kutoa nusu.

Nilimfanyia binti hesabu kwenye daftari lake lile lile, nikachukua saa 72 ili iwe rahisi, siku tatu kamili. Usiku wa kwanza kaweka 5. Baada ya saa 24 imebaki karibu 4, manake ametoa kama sehemu moja tu ya tano. Usiku wa pili anaongeza 5 juu ya ile 4, inakuwa 9. Usiku wa tatu inafika 12. Wa nne kama 14 na nusu. Wa sita imepita 18, na siku ya 6 ndo binti aliandika kwamba yeye ndo amemwamsha. Wa nane imepita 20, na hiyo ni siku ya ndala. Wiki mbili zikiisha imesimama karibu na 23 au 24, haipandi tena sana kwa sababu sasa kinachotoka kwa siku kinalingana na kinachoingia. Kwa hiyo karatasi inasema miligramu 5, familia inaona kidonge kimoja kidogo, lakini mwili wa mama unatembea na karibu vidonge vitano kwa wakati mmoja, mchana na usiku, na hapo hata sijahesabu ile nordiazepamu. Binti akaangalia zile namba akanyamaza, halafu akasema taratibu, kwa hiyo sio uzee.

Nikamwambia sijui bado kama hakuna uzee kabisa, ila huwezi kupima kumbukumbu ya mtu aliyebeba vidonge vitano vya diazepamu. Kwanza tuvitoe.

Omeprazoli nayo ilikuwa inasukuma upande huo huo. Diazepamu inavunjwa na vimeng'enya vya ini, na omeprazoli inakibana kimoja wapo, kwa hiyo diazepamu inatoka taratibu zaidi. Kwa kijana anayemeza kidonge kimoja kabla ya kufanyiwa upasuaji hilo pengine hata hutaliona, kwa mama wa miaka 71 anayemeza kila usiku ni mzigo juu ya mzigo.

Swali lililofuata ni lile ambalo kila mtu angeuliza. Binti akasema basi tuiache hii tumpe ile fupi. Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanadhani fupi maana yake salama, na hapana.

Chukua temazepamu ya miligramu 10, muda wa nusu saa 10. Mtu akimeza saa 3 usiku, saa 11 alfajiri bado ana zaidi ya nusu yake mwilini, kwa hiyo anaweza kabisa kuamka mzito asubuhi ile ya kwanza, hasa akichelewa kumeza. Ila ikifika usiku unaofuata imebaki karibu 2, anaongeza 10 inakuwa 12, na hata akimeza mwezi mzima inasimama hapo hapo juu kidogo ya 12. Hairundikani. Kama asubuhi ya kwanza ni sawa, ya kumi itafanana nayo. Halafu temazepamu na lorazepamu na oksazepamu zina faida nyingine kwa wazee, ini linazifunga moja kwa moja kwenye sukari fulani na figo inazitoa, hazipiti kwenye ile njia ndefu ya vimeng'enya inayochoka na umri, na hazizai mtoto kama nordiazepamu.

Sasa njoo kwenye zile fupi kabisa kama triazolamu. Asubuhi inakuwa safi kweli, saa nane baada ya kumeza imebaki kidogo sana. Lakini tatizo linahamia kwingine. Dawa inaisha saa 9 au saa 10 usiku, mtu anafumbua macho giza bado totoro na hawezi kurudi kulala. Akishazoea kwa wiki mbili hivi, ubongo unakuwa umejipanga kuipokea kila usiku, kwa hiyo ikiisha alfajiri ni kama anaachishwa dawa kila siku, mchana moyo unamwenda mbio, ana wasiwasi usio na sababu, na akiiacha ghafla usingizi unakuwa mbaya kuliko alivyoanza. Kuna wengine wanapoteza kumbukumbu ya yale waliyoyafanya saa kadhaa baada ya kumeza. Kwa hiyo ndefu inakudai mchana, fupi inakudai alfajiri, na zote zinazoesha.

Nisiache kusema kitu kimoja hapa kwa sababu kinawachanganya hata wanafunzi wetu. Muda wa nusu sio sawa na muda wa kulala. Kwa mtu anayepata degedege, lorazepamu ya sindano inazuia degedege kwa muda mrefu kuliko diazepamu ya sindano, ingawa muda wake wa nusu ni mfupi zaidi. Sababu ni ile ile ya kuhama chumba, lorazepamu haikimbilii mafuta haraka hivyo, inabaki kwenye ubongo. Kwa dozi moja kinachoamua ni kuhama, kwa dozi ya kila usiku kinachoamua ni muda wa nusu. Ukilishika hilo kisa cha huyu mama hakikushangazi.

Kwa hiyo kwa mtu yeyote anayekuja na kichwa kizito asubuhi, naanza na swali moja, asubuhi ya kwanza ulikuwaje na asubuhi ya kumi ulikuwaje? Kama uzito ulikuwepo toka siku ya kwanza na haujabadilika, nawaza dozi ni kubwa au anameza usiku umeshaenda sana. Kama ulianza kimya kimya na unaongezeka wiki ya kwanza na ya pili, dawa inarundikana. Kama asubuhi ni safi ila anaamka saa 9 usiku na mchana ana wasiwasi, dawa ni fupi mno. Na usimuulize mgonjwa peke yake. Huyu mama nilipomuuliza alisema mwanangu mimi sioni tofauti yoyote, na hakuwa anadanganya, dawa hizi zinapunguza hata uwezo wa mtu kujua kwamba amepungua. Muulize anayekaa naye.

Nikampima pia kwa kiti. Mtu anakaa kwenye kiti, ukimwambia anza anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa, wewe unahesabu sekunde. Mzee akifikisha sekunde 12 au zaidi tunamhesabu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alitumia 19, na kwenye kugeuka alishika ukuta.

Nikampigia daktari wake, tukapanga pamoja. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba haikatwi ghafla. Wiki tano za kila usiku zinatosha mwili kuzoea, na benzo ikikatwa ghafla mtu anaweza kupata kutetemeka, kukosa usingizi vibaya sana, na kwa wengine degedege, hata kufa. Watu wanaosoma hivi na kuamua leo leo kutupa vidonge vya mzee wao, tafadhali msifanye hivyo, nendeni kwa aliyeandika dawa kwanza. Bahati ni kwamba ule ule urefu ulioleta shida unasaidia kwenye kushuka, diazepamu inajipunguza yenyewe taratibu, haimdondoshi mtu.

Kutoka 5 akashuka 4, yaani viwili vya miligramu 2. Wiki mbili. Halafu 3, halafu 2, halafu 1, kila hatua wiki mbili, na makubaliano kwamba akitetemeka au akishindwa kabisa kulala tunasimama hapo hapo, hatuharakishi. Wiki mbili haikuwa namba ya kubahatisha. Kwa muda wa nusu wa siku tatu, dawa inahitaji kama siku 12 hadi 15 kutulia kwenye kiwango kipya, kwa hiyo ukimshusha leo na kumpima keshokutwa unapima dozi ya zamani. Binti alinipigia siku ya 3 akisema dokta hamna kilichobadilika, nikamwambia hapana, na hakitabadilika leo. Omeprazoli nayo daktari akaibadilisha. Na nikawasisitizia kwamba kipindi hiki chote hakuna pombe wala dawa za maumivu za jamii ya kodeini na tramadoli juu yake, kwa sababu hizo na benzo zikikutana zinaweza kupunguza pumzi mpaka mtu asiamke.

Lakini swali lililonikera tangu mwanzo ni kwa nini hakuwa analala. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Nikamuuliza, mama unaamka kufanya nini? Akasema naenda kukojoa mwanangu, mara tatu, mara nne. Na ile furosemidi unameza saa ngapi? Saa 12 jioni. Aliambiwa mara moja kwa siku, akachagua jioni ili mchana akiwa kanisani au msibani asisumbuke. Dawa ya kukojosha jioni ikamwamsha usiku, kuamka kukaitwa kukosa usingizi, kukosa usingizi kukaletewa diazepamu, na sasa akawa anaenda chooni mara nne gizani akiwa amebeba vidonge vitano. Kuanguka kulikuwa suala la lini tu. Daktari akaihamisha furosemidi iwe asubuhi. Hiyo peke yake, ingefanyika wiki tano nyuma, pengine diazepamu isingeandikwa.

Hatua ya miligramu 3 ndo ilikuwa ngumu, alilala vibaya usiku minne mfululizo na binti alitaka kurudi nyuma. Tulikaa hapo wiki tatu badala ya mbili, ikapita. Alipomaliza ile ya 1 na kusimama kabisa nilimwambia binti asihesabu kuwa imeisha siku ile, ampe wiki mbili hadi tatu nyingine, nordiazepamu ilikuwa bado inatoka.

Walirudi mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Kiti kilimchukua sekunde 11 na hakugusa ukuta. Usingizi haukuwa wa kijana, analala kama saa tano na nusu, anaamka mara moja chooni, anarudi. Jina la mjukuu mmoja bado linampotea mara kwa mara, na hilo daktari anaendelea kulifuatilia, sasa anaweza kulipima bila dawa katikati. Binti alinifungulia daftari ukurasa wa wiki ile. Pembeni ya presha kaandika, "kaamka saa 12 kasoro, kaniamsha yeye, anauliza mbona nimelala sana."